Hakutoka mu grupe, alizima paka sauti

Mwezi wa 11 mwaka jana, mvua kubwa ilikata barabara ambamo basi la posti ya usiku lilizoea kupita, huku kwetu Kolwezi. Kampuni ikabadilisha areti: wafanyakazi wasingojee tena pale ku soko, waende ku pompe ya mafuta, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Saa 16:20 niliandika habari hiyo mu grupe yetu ya WhatsApp. Basi lilikuwa la kupita saa 18. Nikajiambia kazi imeisha, nikaenda kula bukari yangu.

Watu kumi na tisa walibaki wamesimama ku soko mpaka giza likaingia. Basi lilichukua wale waliokuwa ku pompe, likaenda. Wale kumi na tisa waliandikwa kwamba hawakufika ku kazi, na mwisho wa mwezi ile siku ilikatwa mu mushahara, pamoja na prime. Kesho yake nilienda kuwaona mmoja mmoja. Nilifikiri walikuwa wametoka mu grupe zamani. Hapana, wote walikuwa ndani. Mmoja wao, mutu wa mashini ya kutoboa mawe, alinionyesha telefone yake bila kasirani yoyote:

"Delege, miye shikutoke. Nilizima paka sauti. Telefone ilikuwa inalia kutwa muzima: lupangu ya kuuza, mabati ya kuuza, mafuta ya ngozi. Miye nalalaka muchana, njo usiku natumika."

Sikuwa na jibu. Yale matangazo ya lupangu na ya mabati ni sisi tulioyapitisha, na tulilipwa dola 5 kwa kila moja. Tuliuza usingizi wa yule ndugu, na siku tuliyotaka kumwamusha, hakutusikia.

Ninaandika haya juu najua kwamba leo kila siti ya wafanyakazi, toka Likasi mpaka Kolwezi, iko na grupe ao shene inayotoa habari za kazi na inayoishi kwa piblisite. Wengine ni delege kama miye, wengine ni vijana wenye telefone nzuri na akili ya biashara. Kupata franga pale si mubaya. Mubaya ni kuhesabu watu waliomo na kusahau kuhesabu wale wanaosikia.

Kwanza niseme tuliingia namna gani mu ile biashara. Grupe yetu ilianza na habari za posti, za paye, za basi, na za kilio, kama mutu wa kwetu amefiwa. Mwenye kuandika alikuwa anatumia mega yake mwenyewe. Tuliwaomba wanachama kila mmoja alete franka 500 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza wengi walileta, mwezi wa pili wachache, mwezi wa tatu nilikuwa naona haya kuomba. Kiisha muuza mabati mmoja akatuuliza kama anaweza kutangaza bei yake. Alilipa dola 5 kwa Airtel Money. Akaja mwenye masomo ya kibinafsi, akaja mama wa farmasi, wakaja wauza lupangu. Mu miezi sita tulitoka ku tangazo mbili kwa juma, tukafika tatu ao nne kwa siku. Kase ya kilio ilijaa. Tuligaramia masanduku mawili ya maiti bila kupitisha sahani ku watu. Kwa hiyo asikuje mutu kuniambia kwamba ile franga ilikuwa ya bure.

Sasa angalieni tulichokosa kuona. Tulikuwa 640 mu grupe. Ule mwaka wote, waliotoka walikuwa wachache sana. WhatsApp inakuonyesha wale waliotoka mu siku 60 za nyuma, ukiingia ku habari za grupe na kushuka chini ya lisiti ya watu. Mimi nilikuwa naangalia pale kila mwisho wa mwezi, naona majina sita ao nane, nafurahi. Nilisema: watu wanatupenda. Lakini kutoka mu grupe ya sendika ni kitu cha haya. Mwenye kusimamia grupe anaona jina lako, kesho mnakutana ku areti, atakuuliza juu ya nini. Kuzima sauti, hakuna mutu anayekuona. Unafinya jina la grupe, unachagua saa 8, ao juma moja, ao `Toujours`, na amani inarudia mu nyumba. Mwenye haya hatoki, anazima. Na wengi wetu tulilelewa na haya.

WhatsApp haitakuambia kamwe nani amezima. Lakini kuna njia ya kupima, na haiombi mashini yoyote zaidi ya telefone yako. Chukua habari moja ya kawaida uliyoandika mu grupe, iwekee kidole mpaka ichaguliwe, kiisha fungua `Infos`. Utaona majina ya wale waliosoma, chini ya neno `Lu par`, na wale ambao habari imewafikia lakini hawajasoma. Hata yule aliyeondoa alama za bluu mu telefone yake, ndani ya grupe haziondoke; kwa hiyo hesabu yako ni ya kweli. Fanya hivyo saa moja kamili nyuma ya kuandika. Usingojee kesho, juu kesho hata mwenye kuzima sauti atakuwa amepita kutazama. Hesabu ya saa moja njo inakuonyesha nani alisikia telefone ikilia.

Kuna kujidanganya tatu mu hii hesabu, na mimi nilianguka mu mbili. Mutu aliye chini ya shimo hana telefone mukononi. Usipime saa ambayo posti kubwa iko ndani. Pima kila mara siku moja ya juma na saa moja, ingine utakuwa unalinganisha muhogo na mahindi. Tena, yule ambaye habari haijamufikia hata kidogo, huyu hakuzima sauti: hana mega, ao batri imekufa juu ya kukosa kura. Huyu usimuhesabie kosa lako.

Mwezi wa 2, wakati matangazo yalikuwa yangali mawili kwa juma, watu 410 walikuwa wanasoma mu saa ya kwanza. Nilirudi nyuma mu habari za zamani na kufatilia saa za kusoma za watu wa ekipe yangu, njo nikajua. Nyuma ya yale mambo ya basi, mwezi wa 11, nilipima tena: 150. Watu 640 walikuwa mu grupe, na 150 njo walikuwa wanasikia. Kwa wauza lupangu nilikuwa ninaendelea kusema "tuko 640". Niliwadanganya na wao, bila kujua.

Niliketi ku areti siku tatu kwa kuuliza watu juu ya nini walizima. Nilifikiri watasema matangazo ni mengi. Walisema mambo mengine.

La kwanza lilikuwa saa. Wauzaji wanapenda tangazo lipite saa 10 ao saa 14, juu wao wako mu duka. Ile saa, mutu wa posti ya usiku iko mu usingizi wake wa kwanza, na telefone iko karibu na kichwa juu anaogopa kilio ya kwao. Mama mmoja aliniambia kwamba ni yeye aliyezima sauti mu telefone ya bwana yake: "Aliamuka mara mbili kwa kusoma bei ya simenti. Nilisema hii kitu itamuangusha siku moja kule mu kazi." Mama huyu alijua usalama wa kazi kupita wale wanaobandika afishe ku mulango wa kariere.

La pili lilikuwa mega. Muuzaji anakuletea video ya dakika mbili, na mu telefone ambamo ku `Stockage et données` video iliruhusiwa kushuka na mega, inashuka yenyewe bila kuuliza. Mutu anaweka mega ya siku moja, anafungua grupe kwa kuangalia saa ya basi, na kabla hajafika pale mega imekwisha ku nyimbo ya muuza lupangu. Huku kwetu watu ni wepesi kukasirika juu ya kitu kinachokata telefone yao. Tungali tunakumbuka RAM, ile taksi ya telefone iliyokata unite toka 2020 mpaka ikaondolewa 2022. Sisi tulikuwa RAM kidogo, bila kujua.

La tatu njo lililoniuma. Mwaka jana mu mwezi wa 7 tulipitisha tangazo la embosho: kampuni ya sutretansi inatafuta bashofere wa kamyo kubwa, dosye ku numero fulani. Mwenye kutangaza alilipa dola 15, bila kuomba bei ipungue. Hapo njo tungefunguka macho, juu mutu wa kweli anaombaka bei ipungue. Waliopiga simu waliambiwa walete dola 25 ya "dosye" kwa telefone. Watu kumi na mmoja walilipa. Numero ikakufa. Wawili kati yao walikuwa vijana wa wafanyakazi wetu, na franga ilitoka mu mushahara wa baba. Tulirudisha zile dola 15 mu kase, na tukaandika mistari miwili ya kuomba musamaha. Hatukurudisha dola 25 za mutu hata mmoja, na hatukuweza. Tangu ule mwezi, aliniambia baba mmoja, kila kitu kinachotoka mu grupe anakisoma kama ni cha muongo, hata habari za paye.

Sasa, watu wengi wanafanya nini wakiona grupe imechoka? Wanafungua shene, ile ya WhatsApp iliyofika mu inchi nyingi kufika mwezi wa 9 wa 2023. Sababu yao inaeleweka: grupe inakatika ku watu 1024, shene haina mupaka kama huo, na watu hawaoneshane numero zao. Mwenzangu mmoja wa Likasi alihamisha watu wake wote kule, akanionyesha elfu mbili na zaidi wakimfuata. Nilimuuliza swali moja: wangapi wamefungua kengele? Hakujua kwamba kengele iko. Shene inakaa mu `Actus`, mbali na habari za ndugu na rafiki, na mutu akiifuata, sauti iko imezimwa tangu mwanzo. Anapaswa kufinya kengele yeye mwenyewe, na wengi hawafinyi. Kwa hiyo mwenzangu alikuwa amezimia watu wake wote sauti, kwa mukono wake mwenyewe, na alikuwa anafurahia hesabu.

Alinijibu: "Yaya, abone si mutoto. Akichoka atatoka. Wewe tuma tu, hesabu inapanda." Ni kweli hesabu inapanda. Lakini muuza mabati hanunui hesabu, ananunua mutu atakayepiga simu. Na sisi wa sendika hatutafuti hesabu, tunatafuta mutu aliye ku areti saa 18.

Sisi tulifanya kinyume. Shene ni ya kunyamaza, basi tuiache inyamaze: tuliweka piblisite mu shene, na ku grupe hatukubali hata moja, hata ya ndugu yangu wa damu. Mu grupe ni wasimamizi peke yao wanaandika, na wanaandika paka mambo manne: basi, posti, paye, na hatari ya kazi ao kilio. Siku ingine hakuna habari yoyote, na hatuandike "bonjour" kwa kujaza. Telefone ikilia kwa grupe, mutu ajue kwamba kuna kitu.

Mu shene, habari za kawaida zinapita mara moja kwa siku, saa 19, wakati posti ya muchana imefika nyumbani na ya usiku imekwisha amuka. Matangazo yote ya juma yanakaa pamoja mu habari moja ya siku ya posho, tunaiita Soko. Haipite tangazo tano. Kila moja ni mistari mitatu ya maandishi: kitu, bei, mahali na numero. Picha moja ndogo kama inahitajika, video hapana. Juu kabisa tunaandika PIBLISITE, ili mutu asifikiri kwamba delege ndiye anayesifu yale mabati.

Wauzaji walilia. Wawili walikwenda. Bei nayo ilishuka, dola 3 kwa tangazo, na franga ya mwezi ilishuka chini ya robo ya ile ya zamani. Nasema wazi, juu wengine wanaandika kama kutenda vema kunalipa papo hapo. Kase ya kilio leo haijai kama zamani, na kwa sanduku la mwisho tulipitisha sahani. Lakini muuza mabati alibaki, na nilimuomba kitu kimoja: kila anayepiga simu, amuulize alisikia wapi, aandike mu kaye. Zamani, mu juma moja la tangazo kila siku, alipata simu tatu kutoka kwetu. Mu Soko ya kwanza iliyoangukia nyuma ya paye, alipata tisa. Mutu anayefungua Soko ni mutu anayetafuta kununua. Yule tuliyekuwa tunamwamusha saa 14 alikuwa anatafuta usingizi.

Kurudisha wale waliozima, hapo kazi ni ngumu. Aliyechagua `Toujours` hatarudi mwenyewe, na hata ukiandika mara kumi "fungueni sauti", hatasikia, si sauti imezimwa? Tulifanya kwa mukono. Juma tatu, bila kukosa, delege wawili walisimama ku areti kabla ya basi, wakiomba ruhusa: "Ndugu, tufungue sauti ya grupe? Piblisite haiko tena." Wengi walikubali. Wengine walisema watangojea kuona. Nilipima tena mwezi wa 3: 330 mu saa ya kwanza. Haikurudi ku 410. Kati ya wale kumi na mmoja wa dosye ya bashofere na ndugu zao, karibu hakuna aliyefungua, na siwalaumu.

Tangu hapo, tangazo la embosho halipite kwetu kama delege hajakwenda yeye mwenyewe ku biro ya kampuni na kuona mutu anayepokea dosye. Kama kuna franga ya kulipa kabla ya kazi, ni hapana. Tunakatalia pia wale wa banki Lamberi wanaokopesha watu mpaka kadi ya paye inabaki kwao, na michezo ya pari. Wenzangu wa komite walisema pari si mubaya, kila mutu na franga yake. Kura ilikuwa nne kwa tatu. Nilishinda kwa kidogo.

Kuna piblisite moja ambayo hatukuikatalia mara moja, na ni hiyo inayonitia woga kupita zingine. Kampuni moja ya sutretansi ilitaka kulipa dola 100 kila mwezi ili tutangaze embosho zake na chakula cha kantini yake. Ile ilikuwa kupita wauzaji wote pamoja. Tulijadili jioni mbili. Kabla hatujajibu, mutu wao alinipigia simu, sauti nzuri kabisa, akaniambia kwamba kama tutakuwa marafiki, ingekuwa vizuri habari za viatu vya usalama zipunguzwe kidogo mu grupe. Tulikuwa tumeandika kwamba watu wao wanaingia mu kazi na viatu vilivyopasuka. Nilimushukuru, nikafunga simu. Komite ilikataa, saba kwa saba.

Lakini ningependa mujue kwamba kama angengojea miezi mitatu kabla ya kusema lile neno, tungekuwa tumezoea zile dola 100, masanduku yangekuwa yamenunuliwa nazo, na sijui kama ingekuwa saba kwa saba. Baba zetu mu kampi walipokea Mwana Shaba, gazeti la kampuni, na kila mutu alijua ni la nani, alisoma kwa kujua. Shene ya delege inayolipwa na mukubwa wa kazi, bila kuandikwa juu yake, ni kitu kingine.

Kwa hiyo hesabu zetu tunazibandika mu shene kila tarehe 5: nani alilipa, ngapi, na franga ilikwenda wapi. Mwezi uliopita zilikuwa dola 48: mega dola 12, kilio moja dola 30, na dola 6 zilibaki. Mwenye grupe ao shene ya wafanyakazi huku Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, akitaka kuona kaye yetu namna tunavyoandika, ku areti ile ya pompe nakuwaka kila siku ya kwanza ya juma, kabla ya basi la saa 18.